Enzi za barafu na mwendo wa Dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wakati wa barafu Dunia ilikuwaje hasa?

Turudi nyuma miaka kama 21,000, barafu ilipofika kilele chake cha mwisho. Karibu Kanada yote ilikuwa imefunikwa, na ukingo wa barafu ulishuka kusini hadi mahali lilipo leo jiji la New York. Skandinavia nayo ilikuwa chini ya barafu, pamoja na sehemu kubwa ya visiwa vya Uingereza. Katikati ya Kanada unene wake ulikaribia kilomita 3.

Maji yaliyoganda hapo yalitoka baharini. Ndiyo maana usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa takriban mita 120, na Siberia na Alaska zilikuwa nchi kavu moja. Wastani wa joto wa dunia nzima ulikuwa chini kwa nyuzi 5 au 6 hivi za Selsiasi. Watu wengi wakisikia nyuzi 6 huona ni kidogo, maana tofauti ya mchana na usiku hufika hapo. Lakini huo ni wastani wa sayari nzima, kwa mwaka mzima, bahari ikiwemo. Karibu na barafu yenyewe baridi ilizidi mara kadhaa kiasi hicho.

Na sasa tumeshatoka kwenye enzi ya barafu?

La, bado tumo. Madamu Greenland na Antaktika zimebeba barafu mwaka mzima, tungali ndani ya enzi iliyoanza miaka milioni 2.6 iliyopita. Ndani ya enzi hiyo kuna vipindi virefu vya baridi, barafu inapotanuka, na vipindi vifupi vya joto, inaporudi nyuma. Tunaishi katika kipindi cha joto kilichoanza miaka 11,700 hivi iliyopita. Ukurasa huu unaeleza kinachofanya vipindi hivyo vipokezane, na jibu fupi ni mwendo wa Dunia kulizunguka Jua.

Ni nini katika mwendo huo kinachobadilika?

Vitu vitatu, na vyote husababishwa na mvutano wa Jua, Mwezi na sayari nyingine, hasa Jupita na Zuhura.

Cha kwanza ni umbo la njia ya Dunia. Njia hiyo ni duaradufu, si duara kamili. Kuna nyakati inakaribia sana kuwa duara, na kuna nyakati inarefuka kidogo. Mabadiliko haya huchukua takriban miaka 100,000, na juu yake kuna mzunguko mwingine mrefu zaidi wa miaka 405,000.

Cha pili ni mwinamo wa mhimili. Leo mhimili umeinama kwa nyuzi 23.4. Katika mzunguko wa miaka 41,000 huenda kati ya nyuzi 22.1 na 24.5. Mwinamo ndio unaoleta majira, kwa hiyo ukiongezeka, majira ya joto huwa na joto zaidi na ya baridi huwa na baridi zaidi, hasa karibu na ncha za Dunia.

Cha tatu ni kuyumba kwa mhimili. Umewahi kuona pia inayozunguka ikianza kuyumba kichwa? Mhimili wa Dunia hufanya hivyo hivyo, ila mzunguko mmoja unamaliza miaka 26,000. Wakati huohuo duaradufu yenyewe nayo inageuka polepole, na matokeo ya pamoja, yanayogusa hali ya hewa, hurudi kila miaka 19,000 hadi 23,000. Kinachobadilika hapa ni wakati wa mwaka ambao Dunia inakuwa karibu zaidi na Jua. Siku hizi inakuwa karibu mwanzoni mwa Januari (kilomita milioni 147) na mbali mwanzoni mwa Julai (kilomita milioni 152). Miaka 11,000 iliyopita ilikuwa kinyume chake.

Kwa hiyo Dunia hupata jua pungufu, ndipo barafu inakuja?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Ukijumlisha jua la mwaka mzima kwa sayari nzima, mwinamo na kuyumba havibadilishi chochote. Vinahamisha tu mwanga: kutoka ncha kwenda ikweta, kutoka Julai kwenda Januari, na kurudi. Umbo la njia peke yake ndilo linalogusa jumla ya mwaka, nalo hulibadilisha kwa chini ya asilimia 0.2 hata likifika upeo wake. Kiasi hicho hakitoshi kuzamisha Kanada chini ya barafu.

Kwa hiyo usitafute jibu kwenye jumla. Swali ni jua linafika *wapi* na *mwezi gani*.

Basi ni wapi, na mwezi gani?

Ni kwenye latitudo ya nyuzi 65 kaskazini, mwezi wa Juni na Julai.

Wa kwanza kuijenga hoja ya mizunguko kwa uzito alikuwa Mskoti James Croll, mtu aliyejisomea mwenyewe na aliyepata kazi ya utunzaji wa jengo katika chuo kimoja cha Glasgow, ambako alikuwa na maktaba ya kusoma. Mwaka 1864 alichapisha hoja yake kwamba barafu huja pale majira ya *baridi* yanapokuwa makali. Inaingia akilini, lakini siyo. Huko kaskazini wakati wa baridi ni baridi ya kutosha kila mwaka. Theluji itaanguka tu, mhimili uwe umeinama hivi au vile. Pengine hata baridi kali mno hupunguza theluji, kwa sababu hewa baridi hubeba mvuke kidogo.

Kinachoamua ni kama theluji hiyo itayeyuka yote kabla ya baridi inayofuata. Majira ya joto yakiwa hafifu, mabaki ya theluji yanabaki hadi msimu mpya, theluji nyingine inalala juu yake, uzito unaishindilia, na baada ya karne kadhaa umepata barafu inayoanza kutiririka kwa uzito wake yenyewe. Mtaalamu wa hali ya hewa Wladimir Köppen ndiye aliyemshauri Milutin Milanković, mhandisi na mwanahesabu wa Kiserbia, kwamba aelekeze hesabu zake kwenye majira ya joto. Milanković alikuwa ameshaianza kazi hiyo. Sehemu yake aliifanya Budapest wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa mfungwa wa kivita aliyeruhusiwa kutumia maktaba. Mchoro wake wa jua la majira ya joto kwa miaka 650,000 iliyopita ulitoka mwaka 1924, wote ukiwa umepigwa hesabu kwa mkono.

Kwa nini kaskazini na si kusini? Tazama ramani. Kwenye nyuzi 65 kaskazini kuna nchi kavu karibu duniani kote: Kanada, Skandinavia, Siberia. Theluji ina mahali pa kulala. Kwenye nyuzi 65 kusini kuna bahari, na nyuma yake Antaktika, ambayo tayari imejaa barafu hadi ufukweni.

Naomba mfano wenye namba. Tofauti ni kubwa kiasi gani?

Tuchukue sehemu moja, nyuzi 65 kaskazini, siku ya jua refu, Juni 21 hivi, tupime jua linalofika juu ya anga kwa wastani wa saa 24. Tutalinganisha nyakati tatu.

Leo ni takriban wati 480 kwa kila mita ya mraba. Mwinamo ni nyuzi 23.4, na Juni inatukuta karibu na sehemu ya mbali zaidi na Jua, ingawa njia yetu sasa inakaribia duara, kwa hiyo umbali huo hautuumizi sana.

Sasa rudi miaka 116,000 hivi, mwanzoni mwa kipindi cha mwisho cha baridi. Mambo mawili yalikutana. Mwinamo ulikuwa umeshuka hadi karibu nyuzi 22.5, jambo ambalo peke yake linaondoa kama wati 15. Halafu Juni iliangukia sehemu ya mbali, kama leo, lakini safari hii njia ilikuwa imerefuka zaidi ya mara mbili ya ilivyo sasa, na umbali huo wa ziada ukaondoa wati nyingine 25. Jumla ikabaki wati 440 hivi. Huo ni upungufu wa asilimia 8, kila majira ya joto, kwa maelfu ya miaka.

Mwisho nenda miaka 11,000 iliyopita. Mwinamo ulikuwa zaidi ya nyuzi 24, na kaskazini ilipata majira yake ya joto Dunia ikiwa karibu na Jua. Hesabu inatoa takriban wati 525. Barafu iliyokuwa imebaki Kanada na Skandinavia haikuwa na njia ya kuhimili hali hiyo, na kweli iliendelea kuyeyuka hadi ikaisha.

Angalia jambo moja kwenye namba hizi: hakuna mzunguko mmoja uliofanya kazi peke yake. Mwinamo mdogo bila umbali usingetosha, na umbali bila njia iliyorefuka usingekuwa na nguvu. Umbo la njia, ambalo karibu halibadilishi jumla ya jua, linafanya kazi kubwa kwa mlango wa nyuma: ndilo linaloamua kuyumba kwa mhimili kutakuwa na makali kiasi gani. Njia ikiwa duara kamili, haijalishi Dunia iko wapi mwezi wa Juni.

Wati 40 za mwezi mmoja, mahali pamoja, zinawezaje kupoza dunia nzima?

Peke yake haziwezi. Mizunguko inaanzisha tu. Vitu vingine ndivyo vinavyokuza.

Cha kwanza ni weupe wa theluji. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoipiga. Msitu wa kaskazini uliokuwa mahali hapo ulikuwa ukirudisha kama asilimia 10 hadi 15 tu. Kila eneo jipya linalobaki jeupe mwezi wa Juni linafukuza joto ambalo zamani lilikuwa likimezwa na ardhi, na jirani yake anapoa, naye anabaki mweupe mwaka unaofuata.

Cha pili ni urefu wa barafu. Barafu ikishakuwa na unene wa kilomita 2, uso wake uko juu kama mlima, na hewa ya huko juu ni baridi zaidi. Inajilinda yenyewe.

Cha tatu, na ndicho kinachofikisha baridi dunia nzima, ni hewa ya ukaa. Bahari inapopoa na mikondo yake inapobadilika, hasa Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, inavuta kaboni zaidi kutoka angani na kuificha chini kabisa. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha hivyo waziwazi: katika vipindi vya joto hewa ya ukaa ilikuwa karibu sehemu 280 kwa milioni, na katika kilele cha baridi ilishuka hadi 180 au 190.

Kusini mwa Dunia kukiwa na majira ya joto kali wakati kaskazini yake ni hafifu, mbona kote kulipoa pamoja?

Swali zuri, na kwa muda mrefu lilikuwa hoja ya kuipinga nadharia nzima. Kuyumba kwa mhimili kunazipa nusu mbili za Dunia hali zinazokinzana, kwa hiyo ungetegemea zipokezane baridi. Jibu ni hewa ya ukaa. Ikishapungua angani haijui mpaka. Inapoza Andes na New Zealand sawasawa na Kanada. Mwinamo nao husaidia, kwa kuwa ukipungua hupunguza jua la majira ya joto kwenye ncha zote mbili.

Nimesoma kwamba kwenye barafu ya Antaktika joto lilipanda kwanza, hewa ya ukaa ikafuata. Si inamaanisha hewa ya ukaa haileti joto?

Haimaanishi hivyo. Mwisho wa kipindi cha baridi, mwendo wa Dunia ndio ulioanza. Jua la kaskazini liliongezeka, barafu ikaanza kuachia maji, mikondo ya bahari ikavurugika, kusini ikaanza kupata joto, na bahari ikaanza kutoa kaboni iliyokuwa imeificha. Kaboni hiyo ikaongeza joto, na joto likaitoa kaboni zaidi. Kitu kinaweza kuwa matokeo na sababu kwa wakati mmoja.

Kuna tatizo la vipimo pia. Povu la hewa linafungika ndani ya barafu mamia au maelfu ya miaka baada ya theluji inayolizunguka kuanguka, kwa sababu hewa huendelea kupenya hadi theluji igandamane kabisa. Hewa basi ni changa kuliko barafu inayoishika. Makadirio ya zamani ya tofauti hiyo yalitoa pengo la karne nyingi. Vipimo bora vya baadaye vimelifupisha sana. Na joto la Antaktika si joto la dunia. Ukikusanya kumbukumbu za joto kutoka pande zote za dunia, sehemu kubwa ya ongezeko lilikuja *baada ya* hewa ya ukaa kupanda.

Haya yote yalijulikanaje, wakati hakukuwa na mtu wa kupima?

Kwa matope ya chini ya bahari. Huko kuna maganda ya viumbe wadogo sana wanaoitwa foraminifera, ambao hujenga maganda yao kwa oksijeni iliyomo majini. Kuna oksijeni nyepesi na kuna nzito kidogo. Maji yenye oksijeni nyepesi huvukiza kwa urahisi zaidi, yanaanguka kama theluji, na yakiganda juu ya bara hayarudi baharini. Bahari inabaki na ile nzito kwa wingi zaidi. Kwa hiyo ganda lenye oksijeni nzito zaidi linakuambia kwamba barafu ilikuwa nyingi siku hizo, na pia kwamba maji yalikuwa ya baridi.

Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walichapisha matokeo ya nguzo mbili za matope kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, zilizobeba kumbukumbu ya miaka 450,000. Walipotafuta midundo inayojirudia ndani yake, walikuta ya takriban miaka 100,000, 42,000, 23,000 na 19,000. Hizo ni namba za mwendo wa Dunia, zimeandikwa kwenye matope ambayo hayajui lolote kuhusu elimu ya nyota. Milanković hakuwa hai kuliona hilo. Alifariki mwaka 1958, wakati wengi walikuwa wameshaitupa kazi yake.

Ila kuna mtego hapa ambao msomaji makini lazima aufahamu. Matope hayaji na tarehe. Watafiti wengi hupanga umri wa tabaka kwa kuzilinganisha na mizunguko yenyewe, halafu ukiwa hukuangalia unaweza kuitumia kumbukumbu hiyo hiyo kuthibitisha mizunguko. Huko ni kujizungusha. Dawa ni kupata tarehe isiyotegemea nadharia. Mfano ni pale uelekeo wa sumaku ya Dunia ulipogeuka miaka kama 780,000 iliyopita, alama inayoonekana kwenye matope na kwenye miamba ya volkano inayoweza kupimwa umri. Mwingine ni mawe yanayokua kwenye mapango ya China, yanayopimwa kwa uozo wa urani: yanaonyesha mvua za msimu zikipanda na kushuka kwa kuyumba kwa mhimili, kwa tarehe zake yenyewe.

Kuna kitu ambacho nadharia hii haikielezi vizuri?

Kipo, tena kikubwa. Katika miaka 800,000 iliyopita barafu imekuja na kuondoka kwa mtindo wa takriban miaka 100,000: inajengeka polepole, kwa kusitasita, kisha inaporomoka ndani ya miaka 10,000 hivi. Lakini mzunguko wa miaka 100,000 ndio dhaifu kuliko yote kwa nguvu za jua. Isitoshe, kabla ya miaka milioni 1.2 iliyopita barafu ilikuwa ikifuata miaka 41,000, yaani mwinamo, na mwendo wa Dunia haukubadilika tabia wakati huo. Kilichobadilika ni kitu hapa hapa duniani.

Maelezo yanayoonekana kuwa na nguvu zaidi yanahusu uzito. Barafu ndogo huweza kuvumilia majira ya joto mazuri ikapona. Barafu ikiwa kubwa mno inafika mbali kusini, na inaididimiza ardhi iliyo chini yake kwa mamia ya mita. Majira ya joto makali yakija, ukingo wake unayeyuka na kushuka kwenye shimo lililoachwa, chini kuliko zamani, kwenye hewa ya joto zaidi, na hauwezi tena kujinusuru. Kwa hiyo barafu inaruka mizunguko miwili au mitatu ya jua hadi ikue kiasi cha kujiangusha yenyewe. Sababu ya tabia hii kuanza milioni moja hivi ya miaka iliyopita bado inabishaniwa: wengine wanataja kushuka kwa hewa ya ukaa kwa muda mrefu, wengine wanasema barafu ilikwangua udongo laini na kubaki imeshikilia mwamba mgumu, ikaweza kuwa nene zaidi. Binafsi sioni kwa nini yasiwe yote mawili.

Mizunguko hii huleta barafu tu?

Hapana. Jangwa la Sahara ni ushahidi mzuri. Miaka 11,000 hadi 5,000 iliyopita kulikuwa na maziwa, nyasi, viboko na wavuvi. Ziwa Chad lilikuwa bahari ya ndani yenye eneo linalozidi kilomita za mraba 300,000. Sababu ni ileile ya wati 525: jua kali la Julai na Agosti lilipasha bara, hewa ikapanda, na pepo za bahari zikavutwa ndani zikiwa na mvua. Kuyumba kwa mhimili kulipogeuka, mvua zikarudi kusini.

Je, joto la sasa si sehemu ya mizunguko hii?

Si sehemu yake, na tunaweza kulijibu hili kwa hesabu ileile. Tangu miaka 11,000 iliyopita jua la Juni kwenye nyuzi 65 limeshuka kutoka wati 525 hadi 480. Hiyo ni chini ya nusu wati kwa karne, na mwelekeo ni wa *kushuka*. Mwinamo nao unaendelea kupungua. Kama ni mizunguko tu inayoamua, kaskazini ingekuwa inapoa taratibu, na kumbukumbu zinaonyesha ilikuwa ikipoa hivyo hadi karne chache zilizopita.

Linganisha kasi. Kutoka kilele cha baridi hadi kipindi chetu, hewa ya ukaa ilipanda kwa sehemu 80 hivi kwa milioni, na ilichukua maelfu ya miaka. Tangu katikati ya karne ya 19 imepanda kutoka takriban 285 hadi zaidi ya 420, kwa uchomaji wa makaa, mafuta na gesi pamoja na ukataji wa misitu. Dunia imepata joto la zaidi ya nyuzi moja katika muda huo. Ndani ya karne moja na nusu mwendo wa Dunia haufanyi kitu kinachoweza kuhisiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "tabianchi imebadilika siku zote", mkubalie, kisha muulize mzunguko upi, kwa wati ngapi, na kwa mwelekeo gani.

Barafu nyingine inakuja lini?

Si karibuni. Njia yetu inaelekea kuwa duara zaidi, kwa hiyo kuyumba kwa mhimili kutakuwa na nguvu ndogo, na majira ya joto ya kaskazini hayatakuwa hafifu kama yale ya miaka 116,000 iliyopita. Makadirio yanatofautiana kuhusu kipindi cha baridi kingeanza lini bila kuingiliwa na binadamu, lakini mengi yake yanazungumzia maelfu mengi ya miaka. Na kwa kuwa sehemu ya kaboni tuliyoiachia itabaki angani muda mrefu sana, wakati huo unasogezwa mbele zaidi.

Naweza kuona chochote kati ya haya mwenyewe?

Chukua kalenda. Hesabu siku kutoka Machi 20, usiku na mchana vinapolingana, hadi Septemba 22, vinapolingana tena: ni 186. Kisha hesabu kutoka hapo hadi Machi 20 inayofuata: ni 179. Nusu moja ya mwaka ni fupi kwa wiki nzima, kwa sababu Dunia inapita karibu na Jua mwezi wa Januari na ikiwa karibu hukimbia. Miaka 11,000 iliyopita nusu iliyokuwa fupi ni ile ya Machi hadi Septemba.

Mwinamo unaopungua nao una alama yake. Tropiki ya Kansa, mstari ambao Jua hufika utosini mwezi wa Juni halafu linageuza, haukai mahali pamoja. Unasogea kuelekea ikweta kwa karibu mita 15 kila mwaka, na utaendelea hivyo kwa takriban miaka 10,000 ijayo kabla ya kuanza kurudi.